Kitanzi cha kwanza kilitoka. Cha pili kiwe cha shaba au cha homoni?

*Shikamoo sista. Nina miaka 32 na watoto watatu, wa mwisho ana miezi 8 na bado ananyonya. Nilipojifungua niliwekewa kitanzi cha shaba palepale leba, wiki ya tano nikakikuta kimetoka nikiwa chooni. Hedhi imerudi miezi miwili sasa na ni nzito kama zamani: siku saba, pedi kila baada ya saa mbili. Juzi wamenipima wingi wa damu ikaja 10.2. Sitaki mimba kwa miaka mitano au zaidi, lakini sitaki kufunga kizazi. Nimesikia kuna kitanzi cha homoni. Kipi kinanifaa, na si kitatoka tena?* (Mama Glory, Kiboriloni, Moshi)

Marahaba, Mama Glory. Nianze na hicho kilichotoka, maana naona ndicho kinachokutia hofu, na wanawake wengi wakishakumbwa na jambo hilo huambiwa mtaani kwamba kizazi chao "kinakataa" kitanzi.

Kitanzi chako kiliwekwa muda mfupi baada ya kondo kutoka. Saa ile kizazi kinafika karibu na kitovu, kimelegea, na mlango wake uko wazi. Ndani ya wiki sita zinazofuata kinanywea mpaka kurudi ukubwa wa ngumi ndogo. Kitanzi kina umbo la herufi T lenye mikono ya plastiki yenye upana wa sentimita 3 hivi, na kinakaa mahali pake kwa sababu mikono hiyo imegusana na kuta za kizazi. Kikiwa ndani ya kizazi kikubwa kinachojiminya na kunywea kila siku, kinaweza kusogea chini, kikafika mlangoni, kikatoka. Kati ya wanawake 100 wanaowekewa ndani ya dakika kumi baada ya kondo kutoka, kwa kukadiria 10 kitatoka. Kwa wanaowekewa kuanzia wiki ya nne na kuendelea, wanaotokwa ni kama 2 kati ya 100. Kwa hiyo ulikuwa kwenye kundi lenye uwezekano mkubwa, na aliyekuwekea huenda hakukosea lolote. Huduma ile ya leba bado ina maana yake, kwa sababu akina mama wengi hawarudi kliniki kwa ajili ya uzazi wa mpango, na hao tisini kati ya mia wanabaki na kinga.

Sasa una miezi minane tangu kujifungua. Kizazi kimesharudi, mlango umefunga, hesabu imebadilika. Sitakuambia uwezekano wako ni sawa na wa mwanamke ambaye hakijawahi kumtoka. Aliyetokwa mara moja ana uwezekano zaidi wa kutokwa tena, na hedhi nzito inaongeza kidogo, kwa sababu kizazi kinachotoa damu nyingi na mabonge hujiminya kwa nguvu. Lakini hilo halikuzuii kuwekewa, na kati ya shaba na homoni hakuna kinachong'ang'ania kiasi cha kukufanya uchague kwa sababu hiyo. Vyote viwili hutoka kwa viwango vinavyokaribiana.

Kinachonifanya niegemee upande mmoja ni ile namba 10.2 uliyoitaja kama jambo la kupita.

Mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na angalau 12. Wewe umepungukiwa, na nadhani hedhi inachangia sehemu kubwa. Hebu tuipige hesabu. Hedhi ya kawaida inapoteza kama mililita 30 hadi 40 za damu. Ikifika 80 tunaiita nzito, na pedi kila saa mbili kwa siku kadhaa inaweza kufika hapo kwa urahisi. Kwa damu yenye wingi wa 10.2, mililita 80 zinaondoka na madini ya chuma kama miligramu 28. Upande wa mapato, mwili huchukua kwenye chakula miligramu 1 hadi 2 za chuma kwa siku, na karibu miligramu 1 hupotea kila siku hata bila hedhi, kupitia ngozi na tumbo. Ukila vizuri kabisa, mwisho wa mwezi unabakiwa na kama 30. Hiyo yote inaliwa na hedhi, na bado mtoto ananyonya. Na kama unakunywa chai ya rangi pamoja na chakula, kama tulivyozoea wengi huku kwetu, chuma kinachoingia kinapungua zaidi.

Kitanzi cha shaba, hasa miezi sita ya mwanzo, huongeza damu ya hedhi, na kwa wanawake wengi ongezeko linafika nusu ya kile walichokuwa wanapoteza. Zile 80 zako zinakuwa 120, na chuma kinachotoka kinakuwa miligramu 42 kwa mwezi. Hapo unakula mtaji. Kitanzi cha homoni kinakwenda kinyume: baada ya miezi sita hadi mwaka, damu inaweza kupungua kwa asilimia 90, na mwanamke mmoja kati ya watano haoni hedhi kabisa ikifika mwaka. Ndiyo maana homoni hii hutumiwa pia kutibu hedhi nzito hata kwa mtu asiyehitaji kuzuia mimba.

Kwa hali uliyonieleza, basi, ningekuelekeza kwenye cha homoni. Kabla ya hapo kuna jambo moja la lazima: tujue kwa nini hedhi yako ni nzito. Kama ni nzito tangu usichanani na inakuja kwa mpangilio, huenda ni maumbile yako tu. Lakini inaweza kuwa uvimbe wa faibroidi, na uvimbe ukiwa umeingia ndani na kupotosha nafasi ya kizazi, kitanzi chochote hakitakaa vizuri na hakitakiwi kuwekwa. Kwa hiyo omba ultrasaundi ya nyonga. Kama unatokwa damu katikati ya mwezi au baada ya tendo la ndoa, sema, usinyamaze, kwa sababu damu isiyojulikana chanzo chake inachunguzwa kwanza, pamoja na mlango wa kizazi, ndipo kitanzi kinafuata.

Kuhusu vifaa vyenyewe, sitakuchosha. Kile cha shaba tunachokitumia zaidi kimeandikwa TCu380A. Waya wa shaba umezungushwa kwenye shina lake na vipande viwili viko mikononi, na shaba inayoyeyuka kidogo kidogo huzidhoofisha mbegu za mwanaume zisifike kwenye yai. Hakina homoni yoyote. Kimeidhinishwa kwa miaka 10, na uzoefu unaonesha kinafika 12. Cha homoni kina kijimfuko cha levonogestreli miligramu 52 kwenye shina, kinatoa mikrogramu 20 kwa siku mwanzoni na baadaye hupungua polepole. Homoni hiyo inafanya ute wa mlangoni uwe mzito na utando wa ndani uwe mwembamba. Kwa kuzuia mimba sasa kinakubalika mpaka miaka 8, ingawa pakiti za zamani zimeandikwa 5, kwa hiyo fuata muda utakaoandikiwa kwenye kadi yako. Kwa nguvu ya kinga, cha shaba wanapata mimba chini ya 1 kati ya 100 kwa mwaka, na cha homoni ni wachache zaidi ya hapo. Ukiondoa chochote kati ya hivyo, uwezo wa kushika mimba unarudi mara moja, kwa hiyo umri wako hauna cha kupoteza hapa.

Unanyonyesha, na najua swali litakalofuata. Homoni ya kitanzi inafanya kazi zaidi ndani ya kizazi, inayoingia kwenye damu ni kidogo, na kuanzia wiki ya nne baada ya kujifungua inaruhusiwa kwa mama anayenyonyesha. Maziwa hayakauki.

Lakini kunyonyesha kunagusa jambo lingine ambalo watoa huduma wengi hawalisemi. Mama anayenyonyesha, katika miezi minane tisa ya kwanza, kizazi chake kinakuwa laini na ukuta wake mwembamba. Uwezekano wa kitanzi kutoboa ukuta wakati wa kuwekwa, ambao kwa kawaida ni kama 1 kati ya 1,000, kwake unafika kama 5 kati ya 1,000. Bado ni nadra, na sikwambii usubiri mtoto aache kunyonya, kwa sababu mimba nyingine kwa damu ya 10.2 ni hatari kubwa zaidi. Ninachokwambia ni uwekewe na mtu mwenye mkono uliozoea, na umtajie kwamba unanyonyesha. Akikupima taratibu, akaacha kusukuma anapogusa ukuta, ameshafanya sehemu kubwa ya kazi.

Ukishapanda kitandani, mambo yanakwenda hivi. Kwanza anaingiza vidole viwili ukeni na mkono mwingine anabonyeza tumboni, ajue kizazi kimeinama mbele au nyuma. Usimharakishe hapo, maana kutoboa kizazi kunatokea mara nyingi pale mtu anaposukuma kifaa kuelekea upande ambao kizazi hakiko. Kisha anaweka spekula, anautazama mlango wa kizazi kama una usaha au kidonda, anausafisha kwa dawa ya iodini, na anaushika kwa koleo refu jembamba. Kushikwa huko kunauma kama kubinywa. Anauvuta kidogo ili kizazi kinyooke, halafu anaingiza kijiti cha kupimia kina. Kwa kawaida anapata sentimita 6 hadi 9. Hapo utasikia msokoto wa tumbo kama wa hedhi, mkali lakini mfupi.

Kitanzi chenyewe kinaingia ndani ya mrija mwembamba, mikono ikiwa imekunjwa. Kwa cha shaba, mrija unapelekwa mpaka juu kabisa, kijiti cha ndani kinashikiliwa palepale, na mrija ndio unarudishwa nyuma ili mikono ifunguke. Anayekisukuma kwa kijiti badala ya kurudisha mrija ndiye anayetoboa. Cha homoni kina hatua tofauti: mtoa huduma anasimama sentimita 1.5 hadi 2 kabla ya kufika juu, anafungua mikono, anasubiri kama sekunde kumi ifunguke vizuri, ndipo anakipandisha mpaka kiguse. Nakueleza hivi kwa sababu kitanzi kilichoachwa chini, karibu na mlango, ndicho kinachotoka. Mikono yake haijagusana na sehemu pana ya kizazi, na hedhi mbili tatu zinatosha kukisukuma. Kuhusu kutoka kwa mara ya pili, hilo ndilo lililo mikononi mwa mtoa huduma.

Mwisho nyuzi zinakatwa, zinabaki kama sentimita 3 nje ya mlango wa kizazi. Zikikatwa fupi sana zinachoma kama sindano na baba Glory ndiye atakayelalamika. Zikiachwa ndefu kidogo, zinalainika na kujikunja pembeni. Kazi yote ni dakika chache. Meza ibuprofeni miligramu 400 baada ya kula, nusu saa hadi saa moja kabla. Haiondoi maumivu ya wakati wa kuwekewa, lakini inasaidia misokoto ya baadaye. Kama unaogopa sana, omba sindano ya ganzi kwenye mlango wa kizazi, ni haki yako kuuliza. Ukimaliza usiruke kitandani. Kizazi kikiguswa, wengine mapigo ya moyo hushuka wakasikia kizunguzungu, kwa hiyo lala dakika kumi hivi kwanza.

Kwa wakati wa kwenda, chagua ndani ya siku saba za kwanza za hedhi. Hapo ujauzito hauko na cha homoni kinakukinga tangu siku ileile. Ukiwekewa baada ya hapo, sharti wawe na uhakika huna mimba, na utumie kondomu siku saba. Cha shaba kinakinga mara tu kinapowekwa, siku yoyote.

Miezi mitatu hadi sita ya mwanzo ya kitanzi cha homoni ndiyo inayowakatisha tamaa wanawake. Damu haiwi nyingi, lakini inakuja ovyo: tone leo, doa kesho kutwa, wiki nzima ya udhia wa pedi ndogo. Nina wateja waliokuja kukitoa mwezi wa pili, mwezi mmoja au miwili kabla ya utulivu kuanza. Wewe jiandae kwa nusu mwaka. Wengine hupata chunusi, kuumwa kichwa, maziwa kujaa kidogo, na mara nyingine vifuko vya maji kwenye ovari ambavyo huisha vyenyewe. Hedhi ikikoma kabisa, utaambiwa damu chafu inajazana tumboni. Haijazani popote, Mama Glory. Hedhi ni utando wa kizazi unaobomoka. Utando usipojengeka, hakuna cha kubomoka.

Sasa namna ya kujua kama kinatoka. Mara nyingi kinachotoka hutoka mwaka wa kwanza, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na hasa wakati wa hedhi. Kwa hiyo kwa kipindi hicho tazama pedi kabla ya kuitupa. Kila hedhi ikiisha, nawa mikono, chuchumaa, ingiza kidole cha kati mpaka uguse kitu kigumu kama ncha ya pua. Huo ndio mlango wa kizazi, na nyuzi mbili zinatakiwa ziwe hapo, kama uzi wa kuvulia samaki. Usizivute. Ukigundua zimekuwa ndefu kuliko mwezi uliopita, au unagusa plastiki ngumu, au mumeo anachomwa na kitu ambacho hakikuwepo, kitanzi kimeshuka. Kilichoshuka nusu hakikukingi na hakirudishwi juu kwa kusukumwa. Kinatolewa, na kama huna mimba wala maambukizi unaweza kuwekewa kipya siku hiyohiyo. Hata usipoona dalili yoyote, rudi uangaliwe wiki ya tatu hadi ya sita.

Usipozipata nyuzi kabisa, tafadhali usihitimishe kwamba kimedondoka. Wewe bahati yako ulikiona kwa macho. Miaka ya nyuma, kwenye kituo nilichokuwa nikifanya kazi, alikuja mama ambaye nyuzi zake hazikuonekana. Sisi wenyewe tulimwambia kitakuwa kimetoka, tukamwekea kingine. Miezi kadhaa baadaye tumbo likamsumbua, akapigwa eksirei, vitanzi vikaonekana viwili: kimoja ndani ya kizazi, kingine nje yake, tumboni. Alifanyiwa upasuaji mdogo akapona, lakini tangu siku hiyo simwekei mtu kitanzi cha pili mpaka niwe na uhakika wa cha kwanza. Utaratibu ni huu: tumia kondomu, pimwa mimba, pigwa ultrasaundi ya kizazi. Isipokionesha, pigwa eksirei ya tumbo lote, kwa sababu cha shaba na cha homoni vyote vinaonekana kwenye eksirei. Hapo ndipo mtu anaweza kusema kimetoka.

Kuna homa, maumivu makali chini ya kitovu au uchafu wenye harufu mbaya ndani ya wiki tatu za kwanza, hizo ni dalili za maambukizi, nenda siku hiyohiyo. Na ukikosa hedhi huku ukisikia maumivu ya upande mmoja, pimwa mimba haraka. Kitanzi hufanya mimba iwe nadra, lakini ile inayopenya huweza kutunga nje ya kizazi.

Jambo la mwisho ni upatikanaji. Cha shaba utakipata kwenye vituo vingi vya serikali na huduma yenyewe haina malipo. Cha homoni hakiko kila mahali, kwa hiyo anza kuulizia Mawenzi au KCMC kabla ya kufunga safari siku ya hedhi, na uulize bei kama wanatoza. Usikae bila kinga ukikisubiri. Kinga ya kunyonyesha ilikwisha mtoto alipotimiza miezi sita, na hata kabla ya hapo ingekwisha siku hedhi iliporudi. Tumia kondomu, au vidonge vya mama anayenyonyesha.

Ukikikosa kabisa, kipandikizi cha mkononi ni mbadala mzuri, ingawa mpangilio wa damu yake hautabiriki kama wa kitanzi cha homoni. Na cha shaba hakijakatazwa kwako. Ukikichagua, anza vidonge vya madini ya chuma sasa hivi, umeze na maji au juisi ya machungwa, chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula. Siku za hedhi meza ibuprofeni miligramu 400 kila baada ya saa nane kwa siku tano za mwanzo, pamoja na chakula, kama huna vidonda vya tumbo, maana inapunguza damu na misokoto. Rudi upimwe wingi wa damu baada ya miezi mitatu. Ikiwa imepanda kuelekea 12, endelea nacho. Ikibaki 10 au ikashuka licha ya vidonge, mwambie anayekuhudumia akitoe.